Paka Sebuleni, Mlango wa Chumba Umefungwa

Mara nyingi anayegundua kwanza ni mwanafunzi aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Alikulia na paka, akalala naye kitanda kimoja, wala hakuwahi kulalamika. Sasa anaingia nyumbani, na kabla chai haijapoa macho yanamwasha, pua inachuruzika, chafya zinafuatana. Wakubwa wanacheka kwamba shule imemdekeza. Madaktari wa mzio wanalijua jambo hili. Anayeishi na paka kila siku, mwili wake humzoea kwa kiasi, na ile pua iliyoziba kidogo muda wote huonekana ndiyo hali yake ya kawaida. Akikaa mbali wiki kadhaa mazoea yale hupungua, na siku ya kurudi mwili hupokea kwa mpigo mzigo uliokuwa ukiubeba kidogo kidogo.

Lawama huangukia manyoya, na ndiyo maana watu huhangaika kutafuta paka asiye na manyoya au kumnyoa waliye naye. Manyoya hayana kosa kubwa. Kinachosumbua ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka kwenye tezi za mafuta za ngozi ya paka, kwenye mate yake na kwenye tezi za karibu na mkundu. Paka hujiramba mara nyingi kwa siku. Mate yanakauka juu ya ngozi, ngozi inabanduka vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo huruka na kila mtikiso. Baadhi ya chembe hizo hazifiki hata sehemu tano za elfu za milimita, kwa hiyo zinaweza kuelea hewani kwa saa nyingi na kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu. Tena zinanata. Hukaa kwenye ukuta, kwenye pazia, kwenye shati la mtu anayekwenda kazini, ndiyo maana zimepatikana hata madarasani na kwenye nyumba ambazo paka hajawahi kukanyaga.

Paka wote hutoa protini hii, wa kizungu na wa uchochoroni, ingawa hawalingani. Dume asiyehasiwa hutoa zaidi, na akihasiwa hupungua. Kwa mwenye dume, hiyo ni sababu moja zaidi ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, mbali na kelele za usiku.

Kabla ya kuigeuza nyumba juu chini, ni vizuri kujua kama mkosaji ni paka kweli. Katika mwambao wetu wenye joto na unyevu kuna washindani wawili wakubwa: utitiri wa vumbi, yaani wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito, na mende. Dalili zao zinafanana na za paka. Anayeamka asubuhi na chafya anaweza kumfukuza paka bure kumbe tatizo ni godoro. Kipimo rahisi ni cha ngozi. Daktari hudondosha matone ya vitu mbalimbali kwenye mkono, akachoma kidogo juu ya kila tone, kisha anasubiri dakika 15 hadi 20 aone lipi litavimba kama kwa kung'atwa na mbu. Ukiwa umetumia dawa za mzio siku za karibuni, kipimo kinaweza kudanganya, kwa hiyo mwulize daktari uziache siku ngapi kabla. Kipimo cha damu kipo pia, nacho hakiathiriwi na vidonge hivyo.

Tuseme sasa kipimo kimemwonyesha paka, na nyumba ni ya vyumba vitatu mjini Tanga. Yupo bibi, binti yake na mumewe, na mjukuu wa miaka 15 mwenye mzio. Sebuleni kuna makochi ya kitambaa na zulia, vyumbani kuna feni za dari, kila kitanda kina chandarua. Paka hana cheo cha pambo hapa, yuko kazini. Stoo ina gunia la mchele, na kabla yake panya walikuwa wanalitoboa. Mwambie bibi amtoe, atakujibu mapema: "Mjukuu wangu, huyu akiondoka wataingia panya, na sumu ya panya humu ndani sitaki." Hoja yake ni nzito, basi tupange kazi paka akiwepo.

Kazi inaanzia chumba cha kulala cha mjukuu, si sebuleni. Mtu hulala saa saba au nane akiwa na uso juu ya mto, na hakuna mahali pengine anapopumua hewa ileile muda mrefu hivyo. Paka asiingie humo kabisa, mchana wala usiku. Kumtoa saa ya kulala tu hakusaidii, maana ameshaacha alichokuja nacho kwenye shuka. Dirisha liwekwe wavu wa chuma ili lifunguliwe na upepo upite bila paka kupita. Nguo zinazoning'inia nyuma ya mlango zihamie kabatini. Godoro na mto vivalishwe vifuniko vya zipu vyenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kwa sababu godoro alilolalia paka kwa miaka halisafishiki kwa namna nyingine. Na chandarua, ambacho wengi wetu hukisahau juu ya kitanda mpaka kibadilike rangi, kinakusanya vumbi juu ya pua ya mlalaji. Kifuliwe, kwa kufuata maelezo ya kwenye pakiti kwa sababu vile vyenye dawa ya mbu havitakiwi kufuliwa mara kwa mara wala kwa sabuni kali.

Hapa kuna habari njema kwa wasio na mashine ya kufulia. Protini ya paka huyeyuka kwenye maji. Shuka zikifuliwa kwa mkono kila wiki, kwa sabuni, na kusuuzwa vizuri mara mbili, sehemu kubwa inaondoka hata kwa maji ya baridi. Maji ya moto ya nyuzi 60 yanahitajika kwa ajili ya kuua utitiri, si kwa ajili ya paka. Lakini ile desturi ya kutoa godoro na blanketi nje zipigwe na jua haitoshi. Jua hukausha, halioshi.

Sebuleni, adui ni zulia. Linahifadhi chembe nyingi mno kuliko sakafu ya saruji au ya vigae, na kila anayepita juu yake huzirusha tena. Likunjwe, litolewe, au libadilishwe na mkeka unaofutika. Makochi ya kitambaa yavalishwe vitambaa vya kufuliwa, na paka apewe mahali pake: kiti kimoja chenye khanga kuukuu inayofuliwa kila wiki. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Fagio la chelewa kwenye sakafu kavu huyapandisha yaliyokwisha kutulia, na mwenye mzio asiwepo wakati wa kufagia, au avae barakoa. Feni ya dari ina mabawa yenye ukingo mweusi wa vumbi, nayo ifutwe kwa kitambaa kibichi kabla ya kuwashwa.

Kuna sehemu mbili ambazo sizioni zikitajwa kwenye ushauri wa kigeni. Ya kwanza ni mswala. Paka anaupenda kwa sababu ni laini na huachwa umetandikwa, kisha mtu anaweka uso wake papo hapo mara tano kwa siku. Ufuliwe, ukunjwe na kuwekwa juu kila baada ya sala, au mjukuu awe na wake chumbani kwake. Ya pili ni khanga ya bibi. Ndiyo anayoipakata paka jioni nzima, na ndiyo anayoingia nayo kumfunika mjukuu. Abadilishe kwanza. Kwa mjukuu mwenyewe, akimshika paka anawe mikono kabla ya kugusa macho, kwani muwasho wa macho huweza kufika kwa vidole.

Vitu vya kununua huwavutia watu kuliko deki. Kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA hunasa kweli chembe za paka zinazoelea, lakini katika chumba kilichofungwa ambamo paka haingii. Kwenye sebule ya Tanga yenye madirisha wazi kinasafisha upepo wa bahari. Kiyoyozi cha ukutani nacho huzungusha hewa ileile, na chujio lake la kawaida hunasa nyoya na kuziacha chembe ndogo zipite. Kumwogesha paka hupunguza protini kwenye mwili wake, ila baada ya siku chache hurudi ilivyokuwa, na wachache wana paka atakayekubali kuogeshwa mara mbili kwa wiki. Kampuni ya Purina inatengeneza chakula chenye kiini cha yai kinachoizuia Fel d 1 kwenye mate. Kwa utafiti wa watengenezaji wenyewe, protini hai kwenye manyoya ilipungua kwa wastani wa asilimia 47 kuanzia wiki ya 3. Ni msaada, lakini paka anayekula vichwa vya dagaa na panya wa stoo hatakula hicho pekee.

Na usafi wote huo, dawa bado ina nafasi. Piritoni ambayo kila nyumba inayo husaidia lakini humlaza mwanafunzi darasani. Setirizini na loratadini husinzisha kidogo kuliko piritoni. Kwa pua iliyoziba kila siku, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi hufanya kazi vizuri kuliko vidonge, mradi itumiwe kila siku. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai, kumbe huweza kuchukua wiki mbili kufikia nguvu yake. Matone ya kufungua pua papo hapo yasizidi siku tano, la sivyo pua huziba zaidi yakiachwa.

Ipe nyumba hiyo miezi miwili au mitatu, na dalili ziandikwe daftarini kila asubuhi: chafya, macho, usingizi, kikohozi. Kumbukumbu ya kichwani hupotoshwa na siku moja mbaya. Ikiwa asubuhi zimekuwa nyepesi, mpango unafanya kazi.

Mpaka uko kwenye kifua. Mzio wa pua na macho mtu anaweza kuafikiana nao. Kifua kinachobana, kinachopiga mluzi au kumwamsha mtoto usiku huweza kuwa pumu, na akihitaji ile dawa ya kuvuta ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu hiyo haijadhibitiwa. Amwone daktari bila kusubiri daftari lijae, na ikithibitika paka ndiye anayeichochea, bibi atafutiwe mitego ya panya na ndoo za mchele zenye mfuniko, naye paka apelekwe kwa shangazi. Hata hapo nafuu haiji kesho yake. Protini iliyobaki kwenye makochi na kuta huchukua kama miezi minne hadi sita kushuka kufikia kiwango cha nyumba isiyo na paka, na zulia na magodoro ya zamani yakibaki huweza kuchukua zaidi. Anayemrudisha paka baada ya wiki tatu kwa kuwa mtoto bado anakohoa atakuwa amepima makochi, si paka.