Doti Moja, Wanunuzi Wawili

Duka moja la khanga linauza kwa njia ya mtandao, na ghalani zimebaki doti 10. Mteja aliyeko Mwanza na mwenzake aliyeko Tanga wanabonyeza kitufe cha kununua karibu sekunde ileile, kila mmoja doti moja. Programu ya duka inasoma idadi kwenye hifadhidata, inatoa moja, kisha inaandika jibu. Ombi la Mwanza limesoma 10. Kabla halijaandika, la Tanga nalo limesoma 10. La kwanza linaandika 9. La pili nalo linaandika 9. Zimeuzwa doti mbili, zimelipiwa doti mbili, na hesabu imepungua kwa moja tu.

Kosa hili huitwa sasisho lililopotea, na ubaya wake mkubwa ni ukimya. Hakuna ujumbe wa hitilafu wala kumbukumbu yoyote ya ajali. Wengine huweka sharti kwenye jedwali, `CHECK (idadi >= 0)`, wakiamini limewalinda. Sharti hilo huzuia hesabu kushuka chini ya sifuri, lakini hapa haijashuka. Hata ikibaki doti moja, maombi yote mawili yatasoma 1 na yote yataandika 0, na sharti litaridhika kabisa.

Wengi hukimbilia kupandisha kiwango cha utengano, yaani kanuni inayosema muamala mmoja uone nini katika kazi ya miamala mingine inayoendelea sambamba nao. Kanuni za lugha ya SQL zinavitaja viwango vinne, kuanzia `READ UNCOMMITTED` kilicho legevu hadi `SERIALIZABLE` kilicho kikali. Lakini kanuni hizo zilivieleza kwa kutaja kasoro tatu zinazopaswa kuzuiwa, na sasisho lililopotea halimo katika hizo tatu. Mwaka 1995 Hal Berenson, Jim Gray na wenzao waliandika makala ya kuukosoa utaratibu huo, wakaiongeza kasoro hii kwa jina lake.

Ndiyo maana jina moja la kiwango hubeba tabia tofauti katika hifadhidata tofauti. PostgreSQL, isipoelekezwa vingine, hutumia `READ COMMITTED`. MySQL, kwa injini yake ya InnoDB, hutumia `REPEATABLE READ`. Mtu anaweza kuona tofauti yenyewe kwa kufungua madirisha mawili ya hifadhidata na kuendesha amri hizi kwa kupokezana, mstari mmoja dirisha hili, mstari mmoja lile:

```sql
BEGIN;
SELECT idadi FROM stoki WHERE id = 7;
UPDATE stoki SET idadi = 9 WHERE id = 7;
COMMIT;
```

PostgreSQL ikiwa kwenye `READ COMMITTED`, dirisha la pili husubiri la kwanza limalize, kisha huandika 9 yake juu ya 9 iliyopo. Kwenye `REPEATABLE READ`, PostgreSQL hiyohiyo hulikatalia dirisha la pili kwa ujumbe `could not serialize access due to concurrent update`, wenye namba 40001. Ukiipa MySQL kiwango chenye jina hilohilo la `REPEATABLE READ`, inaandika bila kunung'unika na sasisho linapotea. Mtaalamu aliyezoea moja akahamia nyingine bila kulijua hili ataharibu hesabu za duka huku akiamini amezilinda.

Kukataliwa huko, hata pale kunapofanya kazi, ni nusu tu ya tiba. Programu inapaswa kuipokea namba 40001 na kuanza muamala wote upya, tangu kusoma. Isipoandikwa hivyo, mteja wa Tanga ataona ukurasa wa hitilafu na kwenda kununua kwingine ilhali khanga zipo.

Kwa kupunguza stoki peke yake, dawa bora ni nyepesi kuliko zote hizo. Kosa limezaliwa katika mwanya kati ya kusoma na kuandika, basi mwanya wenyewe uondolewe na kutoa kufanywe ndani ya hifadhidata:

```sql
UPDATE stoki SET idadi = idadi - 1
WHERE id = 7 AND idadi >= 1;
```

Hifadhidata huufunga mstari huo yenyewe. Ombi la pili husubiri kidogo, kisha sharti lake hupimwa kwa hesabu mpya, si ile ya zamani. Baada ya hapo programu iulize ni mistari mingapi iliyobadilika. Ikiwa 1, mauzo yamepita. Ikiwa 0, bidhaa imekwisha na mteja aambiwe. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi, na anayelisahau atamtumia mteja risiti ya khanga ambayo haipo.

Yapo mauzo yasiyotosha amri moja. Huenda duka linataka kwanza kujua kama mteja amefikisha kikomo chake, au kugawa oda kati ya maghala mawili. Hapo njia ya tahadhari inafaa: `SELECT ... FOR UPDATE` husoma mstari na kuufunga papo hapo, na mwingine anayeutaka kwa amri kama hiyo hungoja. Kufuli hilo hufunguka kwa `COMMIT` au `ROLLBACK` tu, na hapa ndipo maduka ya Afrika Mashariki hunaswa. Programu hufunga mstari, kisha humtumia mteja ombi la kulipa kwa simu, na kufuli linabaki limefungwa wakati yeye anatafuta namba yake ya siri. Katika InnoDB wanaongoja nyuma yake huvumilia hadi sekunde 50, ikiwa mpangilio haujabadilishwa, kisha hupata hitilafu 1205. Kazi hiyo igawanywe: muamala mfupi upunguze stoki na kuandika oda kuwa imeshikiliwa, malipo yafanyike nje yake, kisha muamala mwingine uthibitishe oda au urudishe bidhaa muda ukipita. Kikapu chenye bidhaa kadhaa nacho kifungwe kwa mpangilio mmoja siku zote, tuseme kwa kufuata namba za bidhaa. La sivyo, aliyeshika khanga akingoja kikoi atakwamana na aliyeshika kikoi akingoja khanga, na hifadhidata italazimika kumkatisha mmoja wao.

Njia ya matumaini, iliyoelezwa na Kung na Robinson mwaka 1981, haifungi chochote wakati wa kusoma. Kila mstari hupewa namba ya toleo, na anayeandika hutaja toleo alilolisoma:

```sql
UPDATE stoki SET idadi = 25, toleo = 42
WHERE id = 7 AND toleo = 41;
```

Ikibadilika mistari 0, kuna aliyetangulia, na kazi isomwe upya. Njia hii inamfaa sana mtunza ghala anayefungua fomu ya kusahihisha hesabu, akaenda kuhesabu mizigo na kurudi baada ya dakika 10. Hakuna kufuli la kushikiliwa muda wote huo. Siku ya mauzo ya punguzo, hata hivyo, ni balaa. Maombi 100 yakisoma toleo 41 kwa pamoja, moja litapita na 99 yatarudi kusoma upya, kisha 98, na seva itachoka kwa kazi isiyozaa oda. Penye msongamano wa namna hiyo, amri moja yenye sharti huwapanga wote foleni, na kila mmoja hupata jibu lake kwa zamu moja.

Mwenye duka asiyejua programu yake imeandikwa vipi anaweza kuipima kwa hesabu ya kawaida: stoki ya mwanzo, jumlisha bidhaa zilizopokelewa na zilizorudishwa, toa zilizouzwa. Aagize hesabu hiyo ifanywe kila usiku kwa kila bidhaa. Hifadhidata ikionyesha stoki kubwa kuliko jibu, hasa kwa bidhaa zinazogombewa, amwombe fundi wake amwonyeshe mstari wa programu unaopunguza idadi.