Namba iliyoandikwa juu ya sanduku la dawa

Mwishoni mwa mwaka 2014, huko Ituri, watu walianza kufika hospitalini shingo zikiwa zimekakamaa, nyuso zimepindana na ndimi zimetoka nje. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe sababu ilikuwa katika vidonge walivyomeza. Kibandiko kilisema diazepamu, lakini ndani mlikuwa haloperidoli, dawa kali wapewayo wagonjwa wa akili. Hata kufika Agosti 2015, wagonjwa zaidi ya 1000 walikuwa wamehesabiwa.

Basi, mtu ataijuaje dawa ya muuzaji asiyemfahamu? Katika Kongo, ruhusa ya kuuza dawa hutolewa na ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa iliyoundwa mwaka 2020. Kila dawa iliyokubaliwa hupewa namba yake, nayo huitwa namba ya AMM. Usiichanganye na namba ya «Lot» au «Batch», iliyo karibu na tarehe ya mwisho. Hiyo ni ya mtengenezaji, nayo hubadilika kila mara atengenezapo fungu jipya. Tena sanduku lililovuka mpaka laweza kuwa na namba ya nchi nyingine. Namba hiyo haikuonyeshi kwamba dawa imekubaliwa kwetu.

Kabla ya kulipa, nakili namba yote, pamoja na herufi na mikwaju yake, kisha uulize ACOREP au mkaguzi wa dawa wa jimbo. Usiulize tu: «Je, namba hii ni ya kweli?» Mdanganyifu aweza kunakili namba ya kweli juu ya sanduku la uongo. Mwombe akusomee yaliyoandikwa katika daftari yao: jina la dawa, nguvu yake, umbo lake, jina la mtengenezaji, na kama ruhusa ingali hai.

Tuseme baba mmoja ameshika sanduku la amoksisilini ya miligramu 500. Mkaguzi anamsomea: «Namba hiyo ni ya amoksisilini ya miligramu 250, nayo ni ya mtengenezaji mwingine.» Namba ipo, lakini si ya sanduku lile. Baba arudishe dawa, naye ampe mkaguzi namba ya Lot na mahali ilipouzwa, ili fungu lile lipate kutafutwa.

Hata hivyo namba haipimi kilichomo ndani ya kidonge. Kazi hiyo ni ya maabara. Mambo yote yakipatana, dawa yaweza bado kuwa ya uongo, ila mdanganyifu wa ovyo amekwisha kujulikana. Lakini vidonge vinavyohesabiwa kutoka katika kopo na kufungwa ndani ya karatasi havina namba ya kuulizia. Muuzaji usiyemjua akikupa hivyo, mwombe akuonyeshe kopo lenyewe. Akikataa, usinunue.