Jinsi harufu, sauti na mguso vinavyofufua kumbukumbu za utotoni katika maandishi

WAANDISHI wengi chipukizi wanaojaribu kusimulia utoto wao hukwama tangu aya ya kwanza. Huandika kwamba utoto huo ulikuwa wa raha, au wa dhiki, kisha wakamwachia msomaji kazi ya kuiwazia raha au dhiki hiyo. Msomaji naye hana cha kushika.

Chukulia mtu aliyezaliwa mashambani katikati ya miaka ya 1970, ambaye mamaye aliaga dunia mapema. Angependa kumwandikia wanawe tawasifu ili wamjue nyanya yao, ambaye hawakumwona hata katika picha. Kumbukumbu iliyo wazi akilini mwake ni moja tu: kufuatana na mama kwenda kisiagini mwaka wa 1984, mwaka wa ukame mkali nchini Kenya. Rasimu yake ya kwanza yasema hivi: “Mama alinipenda sana. Tulikuwa tukienda pamoja kisiagini na nilifurahia safari hizo. Maisha yalikuwa magumu wakati huo.”

Hakuna uongo katika maneno hayo. Kasoro ni kwamba yangeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu mama yeyote. “Kupenda”, “kufurahia” na “magumu” ni hukumu, na mwandishi ameitoa kabla ya kuleta ushahidi.

Wengi wakielezwa hivyo hukimbilia kupamba. Huongeza jua la utosi, ndege waimbao na upepo mwanana, mambo ambayo hayakutoka katika kumbukumbu bali katika insha walizosoma shuleni. Njia ifaayo ni kurudi nyuma na kujiuliza mwili ulipokea nini kwanza, nini kikafuata. Kisiagi cha dizeli husikika kabla ya kuonekana. Kikizunguka kitupu, mlio wake huwa wa haraka na mwepesi. Mahindi yakimiminwa, mlio hushuka na kuwa mzito. Mtoto wa kijijini aliijua tofauti hiyo hata akiwa ng’ambo ya mto. Kisha huja harufu: dizeli, mpira wa mkanda uliopata moto, na unga. Macho hupata zamu yao mwishoni, nayo hutazama kutoka kimo cha mtoto. Huona nyayo za watu, matako ya madebe na nyusi za msagaji zilizogeuka nyeupe pepepe, wala si paa la mabati lililoonwa na watu wazima.

Harufu yastahili kupewa muda zaidi. Wanasayansi wa ubongo wameonyesha kwamba habari za kuona, kusikia na kugusa hupitia kwanza kituo kimoja kilicho katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa kwingine. Habari za harufu hufuata njia fupi zaidi hadi kwenye sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Mwandishi Mfaransa Marcel Proust, katika juzuu ya kwanza ya riwaya yake kuu iliyotoka mwaka wa 1913, alionyesha jambo hilo kwa keki ndogo iliyochovywa katika chai. Msimulizi wake anapoitazama keki hiyo hakumbuki lolote. Anapoionja ndipo utoto unaporudi. Kwa hivyo, mwandishi aliyekwama hapotezi muda akiyasogeza mahindi mabichi karibu na moto na kuyanusa kabla ya kushika kalamu.

Kiswahili nacho kimejaa maneno ya kazi hii, ila hutumiwa kwa uchache. Kunuka si kunukia. Samaki ana shombo, sufuria ina ukoko, dari ya jikoni ina masizi, na ndizi mbichi huacha ukakasi ulimini. Neno moja kama hilo hufanya kazi ambayo vivumishi vitatu haviwezi. Tanakali za sauti nazo husaidia, mradi zisiwe zile zilizochakaa. Msomaji akikutana na “giza totoro” kwa mara ya mia haoni giza lolote.

Lakini si kila kinachokumbukwa huandikwa. Mwandishi huyu anaweza kujaza kurasa mbili kwa harufu na milio, na mama akapotea humo. Jambo la kutafuta ni lile linalobeba maana ambayo mtoto hakuielewa wakati huo. Katika kisa hiki, jambo hilo ni joto. Unga utokapo mashineni huwa na moto kwa sababu ya msuguano, na mzigo mkubwa hupoa polepole kuliko mdogo. Rasimu ya pili yaweza kuwa hivi:

“Tulipokaribia mto nilisikia mashine ikibadili sauti, nikajua kuna aliyetutangulia. Ndani kulinuka dizeli na mpira ulioungua. Mama alimimina gorogoro mbili, akakung’uta mfuko, akaukung’uta tena. Wakati wa kurudi alinifunga unga mgongoni kwa leso. Mwaka uliotangulia, unga wa debe zima ulifika nyumbani ungali moto. Safari hii ulipoa kabla hatujavuka daraja.”

Neno “ukame” halimo, wala “umaskini”, wala “upendo”. Hata hivyo, msomaji ameuona mfuko ukikung’utwa mara mbili, na ameuhisi mzigo ukipoa mgongoni mwa mtoto. Hukumu imeachiwa yeye. Aidha, ni mambo manne au matano tu yaliyotumika, na kila moja lina kazi yake. Njia rahisi ya kupima ni kufuta jambo moja na kuisoma aya upya. Ikiwa hakuna kilichopungua, halikustahili kuwapo.

Suala gumu ni ukweli. Kumbukumbu ya kitu kilichotokea miaka arubaini iliyopita haikai kama picha kabatini, bali hujengwa upya kila inapoitwa. Katika utafiti mashuhuri wa mwaka wa 1995, mwanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus na mwenzake waliwasimulia washiriki 24 kisa cha uongo cha kupotea dukani walipokuwa watoto. Takriban robo yao waliishia kukikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Hivyo basi, jambo kuwa wazi akilini si ithibati kwamba lilitukia.

Dawa ni kupambanua. Baadhi ya mambo huweza kuthibitishwa kwa kumbukumbu za umma. Mwandishi akikumbuka kwamba ugali wa miezi hiyo ulikuwa wa manjano, yuko salama: katika ukame huo Kenya iliagiza mahindi ya manjano kutoka nje, na wengi waliokula ugali wake hawajausahau. Akiandika kwamba mama alipigiwa simu ya mkononi, amejitoa maanani. Mambo mengine huulizwa kwa jamaa. Shangazi aweza kusema kwamba kisiagi hicho hakikuwa ng’ambo ya mto bali sokoni, hivyo daraja halikuwapo njiani.

Hapo mwandishi wa riwaya angeliacha daraja lake. Wa tawasifu hana ruhusa hiyo. Anaweza kuliondoa na kutaja mahali pengine ambapo unga ulipoa, au akaliacha na kumwambia msomaji waziwazi kwamba yeye hukumbuka daraja ilhali shangaziye hukumbuka soko. Uamuzi wa pili aghalabu ndio bora, kwani msomaji anayeonyeshwa mahali kumbukumbu inapoyumba huwa tayari kuamini yale mengine, likiwamo joto la unga, ambalo hakuna shangazi awezaye kulishuhudia.