Faili Nene, Ushahidi Mwembamba

Mwanachuo wa ualimu akimaliza mazoezi ya kufundisha, yale ambayo vyuoni Tanzania huitwa BTP, hurudi na faili lililofura. Ndani mna azimio la kazi, maandalio ya masomo ya wiki zote na picha za zana alizotengeneza, vyote vimepangwa kwa tarehe. Mkufunzi analifungua akitaka kujua jambo moja tu: je, huyu anaweza kumpima mwanafunzi na kuyafanyia kazi majibu? Anapekua karatasi nyingi bila kupata jibu, ingawa huenda limo, limefukiwa kati ya andalio la Jumanne na la Jumatano.

Mkoba wa kazi hupangwa kwa umahiri. Vichwa vyake usivitunge: vichukue kwenye fomu ileile anayoijaza mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa lako. Maneno hutofautiana chuo kwa chuo, lakini mara nyingi utakuta kuandaa somo, kufundisha, kusimamia darasa, kupima maendeleo, na maadili ya kazi. Kila kichwa kipe kadi yake ya kutenganisha tangu wiki ya kwanza, hata kama nyuma yake hakuna kitu. Ukifika katikati ya mazoezi na nyuma ya “kupima maendeleo” bado ni patupu, unajua la kufanya wiki zilizobaki. Anayepanga siku ya mwisho hugundua pengo wakati darasa ameshaliaga.

Tuseme unafundisha Darasa la Pili kutoa kwa kuchukua. Umewapa 52 − 27, na watoto kadhaa wameandika 35. Hawakubahatisha: kwenye mamoja wameona 2 ni ndogo kuliko 7, wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7. Kesho yake unaleta mafungu ya vijiti kumi kumi. Mtoto anafungua fungu moja, anapata vijiti 12 vya mamoja, anatoa 7, zinabaki 5. Kwenye makumi yamebaki 4, anatoa 2. Jibu ni 25.

Hapo kuna vielelezo vitatu vya kuweka: nakala ya ukurasa wa daftari wenye 35, andalio la somo la pili likiwa na marekebisho yako ya kalamu, na ukurasa wa mtoto yuleyule baada ya vijiti. Andalio lililochafuka kwa marekebisho usilinakili upya lipendeze, kwa sababu yale marekebisho ndiyo yanayoonyesha ulivyofikiri.

Sasa maelezo mafupi, ambayo ndiyo huwashinda wengi. Wengi huandika: “Hiki ni kielelezo cha zoezi la kutoa. Wanafunzi walifurahia na somo lilieleweka.” Sentensi hizo ungeweza kuzibandika kwenye somo lolote, shule yoyote. Linganisha na haya:

“Zoezi la kwanza lilionyesha kwamba baadhi ya wanafunzi hutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali iko juu au chini. Niliacha kurudia kanuni ubaoni, nikatumia mafungu ya vijiti. Katika zoezi la pili mtoto huyu alipata maswali ya tarakimu mbili, lakini swali la 60 − 24 lilimshinda. Somo linalofuata litaanza na sifuri kwenye mamoja.”

Ni aya moja tu, na ina mambo manne: nilichokiona, nilichokibadilisha, kilichotokea, kilichobaki. Hilo la mwisho wanachuo hulificha wakidhani litawapunguzia alama. Mimi naona kinyume chake: mwalimu anayejua 60 − 24 bado inasumbua ameonyesha kwamba anapima kweli. Andika aya hiyo jioni ileile au kabla wiki haijaisha. Baadaye utakumbuka tu kwamba somo lilieleweka.

Je, andalio lile liende chini ya kuandaa somo au kupima? Liweke mara moja tu, pale linapothibitisha zaidi, ulipe namba, na kwenye kichwa kingine uandike “tazama kielelezo namba 4”. Kunakili karatasi moja mara tatu hunenepesha faili bila kuongeza ushahidi. Vielelezo viwili au vitatu kwa kila umahiri hutosha, mradi visitoke kwako peke yako. Kimoja kitoke kwa watoto, kama daftari lile. Kingine kwa mtu mzima aliyekuona ukifundisha, kama maoni ya mwalimu wa darasa yenye sahihi na tarehe. Majina ya watoto yafunike kabla ya kutoa nakala, na picha zenye nyuso zao usizitumie bila ruhusa ya shule na wazazi.

Kabla ya kukabidhi, mpe mwenzako aya zako bila vichwa, aseme kila moja inahusu umahiri gani. Ile itakayomshinda, iandike upya.