Mwezi Uliochomoza Upande wa Machweo

Chama cha wapiga picha cha mtaani kwetu Mombasa kiliponiomba nifungue maonyesho yao, niliwaahidi hotuba fupi. Kazi zote zilizotundikwa ukumbini zilikuwa picha za kuunganisha, yaani kila moja imeundwa kwa vipande vya picha mbili, tatu au zaidi. Nikaona badala ya kuzisifu zote kwa pamoja, nizungumzie moja tu kwa kirefu, ili wageni wapate namna ya kuzitazama zilizobaki.

Nilianza kwa kuwakumbusha waliohudhuria kwamba kazi hii haikuletwa na kompyuta. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa iliyoathiriwa mno na mwanga wa buluu. Akiacha mwanga wa kutosha ili maji yaonekane, mbingu iliungua ikawa nyeupe tupu. Kwa hiyo alipiga bahari kwenye bamba moja na mawingu kwenye jingine, kisha akayachapa kwenye karatasi moja, akiyakutanisha pale maji yanapogusana na mbingu. Na sisi wa pwani tuna wetu: marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeunganisha picha za wateja katika studio yake muda mrefu kabla ya programu za leo.

Kisha nikawaelekeza kwenye picha ya ngalawa. Aliyeitengeneza ni mama mshonaji, na kwa ruhusa yake niliisimulia historia yake yote. Ngalawa aliipiga hapa Mombasa, akiwa ameelekea baharini, kwa lenzi ya milimita 24. Mbingu ya rangi ya chungwa aliipiga Kisumu, jua likizama ziwani. Mwezi mpevu aliupiga juu ya paa la nyumba yake, kwa lenzi ya milimita 300. Akaviunganisha vitatu hivyo, akachapa, na picha ikapendeza. Lakini wenzake chamani walipoiangalia walihisi kuna kitu hakikai sawa, wasijue ni nini.

Kosa la kwanza lilikuwa la upande. Mwezi mpevu huwa mkabala na jua, ndiyo maana huchomoza mashariki wakati jua linatua magharibi. Hauwezi kukaa katikati ya mbingu ya machweo, juu ya mahali palepale jua linapozamia. Isitoshe, bahari yetu iko mashariki, na jua huzama nyuma yetu, nchi kavu. Ngalawa inayoelea mbele ya mwezi unaochomoza ingepaswa kupigwa usoni na mwanga wa mwisho wa jua, lakini ya kwake ilikuwa nyeusi tii kama kivuli.

Kosa la pili lilikuwa la ukubwa. Kwenye kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 36, lenzi ya 24 huuchora mwezi mdogo mno, kiasi kwamba kwenye chapa ya upana wa sentimita 60 haufiki hata milimita 4. Lenzi ya 300 huuchora kwenye chapa hiyohiyo kwa upana wa karibu sentimita 4 na nusu. Mama aliuweka mwezi huo mkubwa juu ya ngalawa iliyopigwa kwa lenzi pana. Jicho la kawaida halijui hesabu hiyo, lakini limeuona mwezi maisha yake yote, na linakataa.

Hapo angeweza kuupunguza mwezi, akaishia na kitone. Yeye alichagua njia ngumu zaidi, nami namheshimu kwa hilo. Alirudi ufukweni jioni ya mwezi mpevu, akasimama mbali sana na ngalawa, akaipiga kwa lenzi ileile ya 300, jua likiwa mgongoni pake. Kwa umbali huo ngalawa na mwezi vinalingana vyenyewe, na ubavu wa chombo ukashika wekundu wa jioni. Mwezi wenyewe ulikuwa bado mwangavu kupita mbingu, hivyo akaupiga mara ya pili kwa mwanga mchache ili madoa yake yaonekane, na hivyo viwili ndivyo alivyounganisha. Mbingu ya Kisumu akaiacha.

Picha zote mbili, ya zamani na mpya, zilitundikwa bega kwa bega. Chini ya kila moja, kwa ombi langu, pameandikwa vipande vilivyotumika, vilipigwa wapi na kwa lenzi gani. Chama kilikubali kufanya vivyo hivyo kwa kazi zote. Kwa hiyo nilimalizia kwa kuwaomba wageni waanze na hizo mbili za ngalawa, wasisome maandishi kwanza, watafute mwanga unatoka wapi, ndipo wainame kusoma.