Shamba Lako la Stardew Valley Bado Lipo

Ukisakinisha Windows upya bila kufuta diski, mafaili ya zamani huhamishiwa kwenye folda ya Windows.old. Wahi, maana Windows huweza kuifuta baada ya siku 10. Fungua folda ya mtumiaji wa zamani, kisha fuata njia hii (AppData imefichwa, hivyo washa kwanza uonyeshaji wa vilivyofichwa):

```
AppData\Roaming\StardewValley\Saves
```

Kila shamba lina folda yake, yenye jina na namba. Inakili nzima kwenye njia hiyohiyo ya kompyuta mpya, wala usibadilishe jina lake: faili kuu ndani yake lina jina hilohilo, na yakitofautiana shamba halifunguki. Mchezo ukijizima, mara nyingi ni modi zilizosahaulika au toleo la zamani zaidi. Sakinisha hizo kwanza, na nakala ya awali usiiguse.