Kumpata mwalimu wa Hisabati: maelezo ya kazi na usaili wenye alama

Tangazo la kazi likisema shule inatafuta mwalimu wa Hisabati mchapakazi, mbunifu na anayejituma, kila aliyesoma ualimu atajiona anafaa. Siku ya usaili jopo litamwomba ajieleze, litamuuliza kwa nini anaupenda ualimu, kisha litamchagua aliyeongea vizuri. Miezi mitatu baadaye mwalimu wa taaluma anafungua madaftari ya kidato cha kwanza na kukuta vema zimejaa kwenye majibu yasiyo sahihi.

Kazi ya kuepuka hali hiyo huanza kwenye maelezo ya kazi, na nashauri yaandikwe kwa kalamu na ratiba mkononi. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya binafsi nchini Tanzania inayohitaji mwalimu mmoja wa kidato cha kwanza na cha pili. Mikondo ni minne, na shule imepanga vipindi 6 vya Hisabati kwa wiki kila mkondo. Hivyo ni vipindi 24 vya dakika 40, yaani saa 16 za kusimama darasani. Kila mkondo una wanafunzi 45, kwa hiyo madaftari ni 180. Likitolewa zoezi moja tu kwa wiki, na kila daftari likasahihishwa kwa dakika mbili, zinaongezeka saa 6. Bado hajaandaa andalio la somo, hajatunga jaribio, hajashika zamu.

Hesabu hiyo iingie kwenye maelezo ya kazi jinsi ilivyo. Mwombaji anayesoma kwamba atasahihisha madaftari 180 kila wiki anajua anachokiombea, na shule nayo inalazimika kujiuliza kama mzigo huo unabebeka. Sifa za lazima zibaki chache: cheti cha taaluma ya ualimu, Hisabati ikiwa somo lake la kufundishia, na vyeti vinavyoweza kuhakikiwa. Uzoefu wa miaka mitano usiwekwe kwa mazoea tu, kwa sababu utawafungia nje vijana waliomaliza chuo ambao huenda ndio wenye jicho tunalolitafuta.

Jicho hilo lina historia katika utafiti wa elimu. Mwaka 1986 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kwamba kulijua somo ni jambo moja, na kujua namna ya kulifikisha kwa mwanafunzi, pamoja na mahali anapokwama, ni jambo jingine. Cheti huonyesha zaidi lile la kwanza. La pili ni lazima ulitafute kwenye usaili, na kwa Hisabati njia fupi ni kumwekea mwombaji mezani kosa la mwanafunzi.

Hili hapa, kama lingeandikwa na mtoto wa kidato cha kwanza:

```
3 − 2(x − 4) = 7
3 − 2x − 8 = 7
−2x = 12
x = −6
```

Swali kwa mwombaji ni moja: mwanafunzi huyu alikuwa anawaza nini, na utafanya nini naye kesho? Apewe karatasi na dakika tano za kufikiri.

Kabla mwombaji wa kwanza hajaingia, jopo liwe limekwisha kuandika jibu la kila alama linafananaje. Alama 0 ni ya asiyeliona kosa. Alama 1 ni ya anayeona kwamba mstari wa pili ulipaswa kuwa `3 − 2x + 8 = 7` na jibu ni 2, kisha akasema angerudia kuonyesha njia sahihi ubaoni. Alama 2 anapata anayetaja sababu moja ya kosa, na 3 ni ya anayetambua kwamba sababu zinaweza kuwa mbili. Huenda mtoto hajui kwamba hasi mara hasi ni chanya. Au analijua hilo vizuri, ila amezidisha 2 kwa `x − 4` akapata `2x − 8`, kisha akafungua mabano bila kukumbuka kwamba kuna alama ya kutoa mbele yake. Alama 4 ni ya anayesema atazitenganishaje. Kwa mfano, amuulize mtoto `(−2) × (−4)` peke yake. Akijibu 8, shida iko kwenye mabano, na zoezi linalomfaa ni kama `10 − (x − 4)`. Akijibu −8, arudishwe kwenye namba hasi. Mwombaji mzuri pia atamfundisha mtoto kujihakiki: ukiweka −6 mahali pa x, upande wa kushoto unakuwa 23, wala si 7.

Swali la pili liguse lugha. Mtoto wa Tanzania aliyesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anaingia sekondari na kukutana na mafumbo ya Kiingereza. Sentensi ya Kiingereza inayoeleza namba iliyo pungufu ya x kwa 5 huanza kutaja 5, basi mtoto anaandika `5 − x` badala ya `x − 5`. Muulize mwombaji angemsaidiaje. Anayesema watoto wajitahidi kusoma Kiingereza apate 1. Anayebadilisha x kuwa namba halisi, tuseme 12, akamwacha mtoto agundue kwamba jibu ni 7, kisha akarudi kwenye sentensi, anastahili 4.

Kinachobaki ni kipindi cha mfano cha dakika 15 mbele ya wanafunzi halisi, swali la namna atakavyotumia matokeo ya jaribio, na swali la mtoto asiyefanya zoezi wiki mbili mfululizo. Hili la mwisho lina sharti lake: anayejibu kwa kumdhalilisha mtoto anapata 0, na 0 hapo inamtoa hata kama kwingine amefanya vizuri.

Uzito nao upangwe mapema. Kosa la mwanafunzi na kipindi cha mfano vizidishwe mara 3 kila kimoja, lugha mara 2, mawili yaliyobaki mara 1. Jumla ya juu ni 40. Mwombaji mwenye shahada ya daraja la juu anayepata 1 kwenye kosa, 3 kwenye kipindi, 1 kwenye lugha na 3 kwa kila lililobaki anafikia 20. Mwenzake mwenye stashahada aliyepata 4, 2, 3, 2 na 3 anafikia 29. Bila mwongozo, naamini majopo mengi yangemchukua yule wa kwanza kwa ajili ya cheti chake na sauti yake nzuri ubaoni.

Kila msaili aandike alama zake peke yake, na sentensi moja ya alichokisikia, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mkuu wa shule akianza kusema, wengine watamfuata. Alama za wasaili zikitofautiana kwa 2 au zaidi kwenye swali moja, wasome walichoandika, kisha waulinganishe na mwongozo. Mara nyingi itaonekana mmoja alisikia jibu na mwingine alisikia lafudhi. Tofauti ya alama moja au mbili kwenye jumla isichukuliwe kama ushindi. Hapo wapigiwe simu wakuu wa shule walikofundisha au walikofanyia mazoezi ya kufundisha.

Maswali haya huvuja. Waliofanya usaili huwaambia wenzao, kwa hiyo kosa la mabano libadilishwe kila mara kwa jingine la uzito uleule, kama vile la mwanafunzi aliyejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Karatasi za alama zihifadhiwe. Muhula wa kwanza ukiisha, mkuu wa idara aziweke kando ya madaftari ya madarasa ya mwalimu aliyeajiriwa, aone ni swali lipi lilitabiri vizuri na lipi linafaa kuondolewa kabla ya tangazo lijalo.